Saini ya 3x mara kosaini ya 5x: ishara moja iliyogeuza jawabu

*Mwalimu, niko Senia 6 hapa Mbale. Nimeintegreti sin 3x cos 5x kuanzia 0 hadi π/2 nikapata ½, lakini kitabu kinasema −½. Nimerudia mara tatu na jawabu ni lile lile. Halafu nikijaribu namba zinazolingana, kama sin 4x cos 4x, fomula yangu inaniletea sifuri chini ya mstari. Nakosea wapi?*

Kitabu hakikukosea, binti. Hukuniandikia hatua zako, lakini hiyo ½ yenyewe imeshanionyesha ulipoteleza: uliandika 5x − 3x mahali palipotaka 3x − 5x. Mtu akifanya kosa hilo moja, na mengine yote akayafanya vizuri, anapata ½ barabara. Ndiyo maana kurudia mara tatu hakukusaidia. Kila mara ulipita njia ile ile yenye shimo lile lile.

Tuanzie fomula inakotoka, maana hapo ndipo shimo linapoonekana. Darasani kwetu Uganda hizi fakta fomula kwa kawaida huanza kwa upande wa kujumlisha: unapewa sin P + sin Q, unaigeuza kuwa zao lenye nusu ya P + Q na nusu ya P − Q. Mwanafunzi anaikariri hivyo, kisha inapofika integrali anatakiwa aisome kinyumenyume, atoke kwenye zao arudi kwenye jumla. Hapo nusu na ishara huanza kuchanganyika kichwani. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waiache hiyo, waandike pembeni mwa karatasi mistari miwili ambayo kila mmoja anaijua tangu Senia 5:

sin(A + B) = sin A cos B + cos A sin B

sin(A − B) = sin A cos B − cos A sin B

Jumlisha mstari wa juu na wa chini. Kipande cha cos A sin B kinajifuta, kile cha sin A cos B kinakuwa viwili, nawe ukigawanya kwa 2 unapata:

sin A cos B = ½[sin(A + B) + sin(A − B)]

Sasa uliza: A ni nani? A ni pembe iliyokaa ndani ya saini, na B ni ile iliyokaa ndani ya kosaini. Basi. Haijalishi ipi ni kubwa, wala ipi imeandikwa kwanza. Swali likija cos 5x sin 3x, A bado ni 3x.

Kwa hiyo katika swali lako A − B ni 3x − 5x, yaani −2x. Saini ya pembe hasi ni hasi ya saini: sin(−2x) = −sin 2x. Ukiiandika vizuri inakuwa:

sin 3x cos 5x = ½[sin 8x − sin 2x]

Wewe uliandika kujumlisha hapo katikati. Na kuna jambo la kuchekesha kidogo: ½[sin 8x + sin 2x] si upuuzi. Ni zao halali kabisa, ila ni la sin 5x cos 3x. Kwa maneno mengine, hukukosea kuintegreti. Ulijibu vizuri sana swali ambalo hakuna aliyekuuliza.

Tabia ya kutoa ndogo kwenye kubwa sijui uliianza lini, lakini nadhani najua ilivyokomaa. Yapo mazao ya aina tatu katika sura hii: saini kwa saini, kosaini kwa kosaini, na hili la mchanganyiko. Mawili ya kwanza yanapogeuzwa hutoa kosaini tupu. cos 3x cos 5x ni ½[cos 8x + cos 2x], na sin 3x sin 5x ni ½[cos 2x − cos 8x]. Kosaini haijali ishara ya pembe, kwa kuwa cos(−2x) na cos 2x ni kitu kimoja. Basi ukifanya mazoezi kumi ya aina hizo ukitoa ndogo kwenye kubwa kila mara, hakuna hata moja litakaloharibika, na mkono unazoea. Zao la mchanganyiko peke yake ndilo hutoa saini, na ndilo peke yake linalokuadhibu kwa mazoea hayo.

Haya, tumalize hesabu yenyewe. Saini ya kx ukiiintegreti inakuwa −cos kx, kisha unagawanya kwa k. Kila kipande kinagawanywa kwa namba yake, na ile ½ ya mbele inawagusa wote wawili. sin 8x inatupa −cos 8x juu ya 8, na kwa ile nusu inakuwa juu ya 16. −sin 2x inatupa +cos 2x juu ya 2, na kwa nusu inakuwa juu ya 4. Angalia ishara ya hapa: hasi mbili zimekutana, moja ya −sin 2x na nyingine inayoletwa na kuintegreti saini.

∫ sin 3x cos 5x dx = −(cos 8x)/16 + (cos 2x)/4 + C

Weka mipaka. Kwenye x = π/2, cos 8x ni cos 4π ambayo ni 1, na cos 2x ni cos π ambayo ni −1. Tunapata −1/16 − 1/4, yaani −5/16. Kwenye x = 0 kosaini zote mbili ni 1, tunapata −1/16 + 1/4, yaani 3/16. Wengi huruka mpaka wa chini kwa kudhani sifuri hutoa sifuri. Kwa saini ni kweli, lakini kosaini ya 0 ni 1, na hapa tungepoteza 3/16 nzima. Toa: −5/16 − 3/16 = −8/16 = −½. Kitabu kimeshinda.

Sasa nikupe kitu kitakachokufaa zaidi ya jawabu hili, namna ya kulinasa kosa hilo mwenyewe ukiwa ndani ya chumba cha mtihani. Kabla hujaintegreti chochote, chagua pembe moja iliyo rahisi uiweke pande zote mbili za mgeuzo wako. Hapa digrii 30 inafaa. Upande wa zao ni sin 90° mara cos 150°, yaani 1 mara −√3/2, karibu −0.866. Upande wa jumla ni ½[sin 240° − sin 60°], yaani ½[−√3/2 − √3/2], ambayo nayo ni −√3/2. Zimelingana. Mgeuzo wako wa zamani ungetoa ½[−√3/2 + √3/2], sifuri tupu, na hapo hapo ungejua kuna tatizo. Kazi hii haichukui hata dakika moja na haihitaji kalkuleta. Usichague digrii 0 tu. Pale kila saini ni sifuri, na fomula mbaya hupita pamoja na nzuri bila kushikwa. Digrii 45 nayo haifai kwa swali hili: 8x inakuwa 360 na 2x inakuwa 90, kwa hiyo inakuonyesha ishara ya sin 2x lakini haisemi chochote juu ya sin 8x.

Ukiwa na dakika nyingine, itazame ishara ya jawabu la mwisho bila kuintegreti. Kati ya digrii 0 na 90, cos 5x inakuwa sifuri kwenye 18, 54 na 90, na sin 3x kwenye 60. Kutoka 0 hadi 18 zote mbili ni chanya, zao ni chanya. Kutoka 18 hadi 54 kosaini ni hasi, zao ni hasi. Kutoka 54 hadi 60 kosaini imerudi kuwa chanya na saini bado ni chanya, zao ni chanya kwa digrii 6 tu. Kutoka 60 hadi 90 saini ndiyo hasi, zao ni hasi. Jumla ya sehemu iliyo chini ya mstari ni digrii 66, iliyo juu ni 24. Huo si uthibitisho, kwa sababu kimo cha mawimbi nacho kina neno lake, lakini mtu akiniletea jawabu chanya baada ya picha hiyo nitamwomba aangalie tena.

Hesabu za kupima naruhusu digrii. Kuintegreti, hapana. Kanuni kwamba saini huwa hasi ya kosaini inashika katika radiani peke yake, na kalkuleta iliyoachwa kwenye digrii ikiwekewa mpaka wa 1.57 itakupa namba inayofanana na jawabu lakini isiyo jawabu. Nimeshasahihisha karatasi nyingi za mazoezi zenye ugonjwa huo.

Tuje kwenye sifuri yako ya chini ya mstari. Nadhani uliwahi kuandika fomula moja kubwa ya jumla na ukaikariri:

∫ sin mx cos nx dx = −cos((m + n)x)/(2(m + n)) − cos((m − n)x)/(2(m − n)) + C

Fomula hii ni ya kweli mradi m na n zinatofautiana, na pia zisiwe kinyume cha mwenzake. Na kusema kweli inafanya kazi hata m ikiwa ndogo, kwa sababu m − n iliyo hasi inageuza ishara yenyewe. Lakini ukiweka 4 na 4, kipande cha pili kinataka kugawanya kwa 0. Rudi hatua moja nyuma uone kilichotokea. Kabla ya kuintegreti, kipande hicho kilikuwa ½ sin(4x − 4x), yaani ½ sin 0, yaani sifuri. Hakukuwa na kitu cha kuintegreti, wala hakukuwa na haja ya kugawanya kwa chochote. Sifuri ya chini ya mstari uliitengeneza wewe kwa kutumia kanuni ya sin kx mahali ambapo k haipo. Kinachobaki ni:

sin 4x cos 4x = ½ sin 8x, na integrali yake ni −(cos 8x)/16 + C

Hapa sasa jiandae kwa mgogoro mwingine. Mwenzako mmoja ataweka u = sin 4x na kupata (sin² 4x)/8 + C. Mwingine ataweka u = cos 4x na kupata −(cos² 4x)/8 + C. Mtabishana kuhusu nani amepata, kumbe mmepata wote. sin² 4x ni sawa na nusu ya 1 − cos 8x, kwa hiyo (sin² 4x)/8 ni 1/16 − (cos 8x)/16. Imekuzidi wewe kwa 1/16 tu, na 1/16 hiyo inamezwa na C. Ukikuta jawabu lako halifanani na la kitabu, usifute kwanza. Weka x = 0 kwenye yote mawili, kisha x nyingine yoyote. Tofauti ikibaki ile ile kote, huenda ni ya C tu; kwa uhakika, yadifrenshieti uone kama yanarudi kwenye swali.

Kuna jamaa wengine, hasa waliojifunza kuintegreti sehemu kwa sehemu wakaipenda, ambao hukataa kugeuza zao kuwa jumla. Inawezekana. Kwa swali lako utaifanya kazi hiyo mara mbili, integrali ya mwanzo inarudi upande wa kulia ikiwa na 9/25 mbele yake, unaihamisha kushoto, na mwishowe unapata:

∫ sin 3x cos 5x dx = (5 sin 3x sin 5x + 3 cos 3x cos 5x)/16 + C

Weka π/2 utapata −5/16, weka 0 utapata 3/16, sawasawa na zetu. Njia ni halali. Lakini ina mtego wake: katika mzunguko wa pili ni lazima uendelee kuidifrenshieti ile yenye 3x na kuiintegreti ile yenye 5x, kama ulivyofanya mzunguko wa kwanza. Ukizibadilisha, kila kitu kinajifuta na unabaki na integrali ni sawa na integrali, jambo la kweli lisilokusaidia. Mimi simkatazi mtu, ila swali likisema utumie njia ya kugeuza zao, andika mgeuzo huo waziwazi kwenye mstari wake, maana ndio anaoutafuta msahihishaji.

Jambo la mwisho linahusu mipaka, maana najua litakukuta ukifika chuo kama hujakutana nalo kabla. Utaambiwa kwamba integrali ya sin mx cos nx ni sifuri siku zote m na n zikiwa namba kamili. Ni kweli kuanzia −π hadi π, na kwa hiyo hata kuanzia 0 hadi 2π, kwa sababu kila wimbi la saini linamaliza mizunguko kamili, kiasi kilicho juu kikalipwa na kilicho chini. Ndiyo sababu hata mafundi umeme husema mkondo uliopishana na volti kwa robo ya mzunguko haupeleki nguvu yoyote kwa wastani. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, saini yake ukiizidisha kwa kosaini yake unapata nusu ya saini inayozunguka mara 100, na wastani wa hiyo ni sifuri.

Lakini wanafunzi hubeba sifuri hiyo hadi kwenye mipaka ya 0 na π, na hapo haikubaliki bila kuuliza. Kwa mipaka hiyo jawabu hutegemea m + n. Ikiwa ni shufwa, cos ya kila kipande inaanza kwa 1 na kuishia kwa 1, na integrali ni sifuri. Ikiwa ni witiri, kosaini inaanza kwa 1 na kuishia kwa −1, na unapata 2m/(m² − n²). Kwa sin 2x cos x, m ni 2 na n ni 1, kwa hiyo 4/3. Unaweza kuhakiki kwa kuandika sin 2x kama 2 sin x cos x na kuweka u = cos x; itatoka 4/3 vilevile.

Sasa fanya sin x cos 2x mwenyewe, 0 hadi π, kwa ile mistari miwili ya pembeni. Jawabu ni −2/3. Ukipata 4/3, mkono wako bado unatoa ndogo kwenye kubwa.